Kinyoya Kinachokawia Kuchoka: Mwongozo wa Mpira wa Vinyoya kwa Anayecheza Mbeya na Iringa

Kabla hujalipia kopo la vinyoya Kariakoo ili ukachezee Mbeya au Iringa, geuza kifuniko usome namba. Mara nyingi utakuta 76, 77 au 78. Baadhi ya watengenezaji huandika 1 hadi 5. Namba hiyo ni ya kasi. Ikiwa ndogo, kinyoya huchoka mapema. Ikiwa kubwa, huenda mbali zaidi kwa pigo lile lile, na kila namba moja ina tofauti ya kama sentimita 30 za safari. Muuzaji wa Dar es Salaam anaagiza kinachowafaa wateja wake, na wateja wake wanacheza usawa wa bahari. Ukikipandisha kinyoya hicho Kitonga hadi Iringa, au ukafika nacho Mbeya chini ya mlima Loleza, pigo refu la juu ambalo Dar lilikuwa linaangukia ndani ya mstari wa nyuma litatoka nje, tena kwa zaidi ya mita moja. Mkono wako haukubadilika. Kilichobadilika ni hewa.

Wengi hulijua jambo hili kwa kuumia: wanapoteza seti nzima wakilaumu raketi. Ukielewa kinachokifungia kinyoya breki angani, utajua kopo lipi ununue, ulirekebishe vipi, na kwa nini kuanzisha kwa pigo refu kunahitaji mkono mwingine Nyanda za Juu Kusini kuliko Pwani.

Breki iko kwenye sketi

Kinyoya halali kina manyoya 16, kwa kawaida ya bata bukini au bata, yaliyochomekwa kwenye kichwa cha mviringo chenye upana wa milimita 25 hadi 28. Ncha za manyoya hufanya duara la milimita 58 hadi 68, na mzigo mzima una uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50. Weka mpira wa tenisi pembeni yake: upana wake unakaribiana na wa hiyo sketi, lakini uzito wake ni kama gramu 57. Vyote viwili vinasukuma hewa ya upana unaokaribiana, ila kimoja kina uzito mara kumi na moja wa kingine. Chepesi ndicho kinachoshindwa kwanza.

Jambo la pili ni kwamba nguvu ya hewa inayokipinga kinyoya haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, upinzani unazidi mara nne. Kasi ikizidi mara kumi, upinzani unazidi mara mia. Hesabu yake inaanzia mahali rahisi. Ukikiachia kinyoya kutoka ghorofa ya juu, kitaongeza mwendo kwa muda mfupi tu, kisha kitatulia kwenye kasi ya kama mita 6.7 kwa sekunde, yaani kilomita 24 kwa saa, na hakitaongeza tena hata jengo liwe refu kiasi gani. Kwenye kasi hiyo hewa inakisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake. Sasa chukua smashi nzuri ya mchezaji wa klabu, kilomita 250 kwa saa. Hiyo ni kama mara kumi ya kasi ya kuanguka, kwa hiyo papo hapo kinapotoka kwenye nyuzi, hewa inakivuta nyuma kwa nguvu ya takriban mara mia ya uzito wake. Ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde kimekwisha kupoteza zaidi ya kilomita 30 kwa saa.

Kadiri kinavyopungua kasi ndivyo breki nayo inavyolegea. Kinachobaki ni kanuni rahisi ya kukumbuka: kasi ya kinyoya hukatika nusu kila kinapokwenda umbali fulani, haijalishi kilianza na kasi gani. Kwenye ukumbi wa Dar wenye nyuzi joto 30, umbali huo ni kama mita 3.3. Ndiyo maana takwimu za smashi zinazosambaa mitandaoni zinawadanganya watu. Aprili 2023, Satwiksairaj Rankireddy wa India alipimwa huko Soka, Japani, akapiga smashi ya kilomita 565 kwa saa, na rekodi ikatambuliwa na Guinness. Lakini kipimo hicho huchukuliwa pale pale kinyoya kinapoachana na raketi. Kwa kanuni yetu ya nusu, kinyoya hicho kikishakwenda mita kumi hivi kinabaki na kama kilomita 70 kwa saa, kasi ya daladala barabara ikiwa nyeupe.

Kuna kitu kingine usichokiona usipokishika kinyoya mkononi. Angalia karibu na kichwa: njiti za manyoya ziko wazi, na kati yake kuna mapengo. Mtu angedhani mapengo hayo yanapitisha hewa na kukipunguzia mzigo. Majaribio ya kwenye mabomba ya upepo yameonyesha kinyume chake: ukiyaziba, upinzani unapungua. Hewa inayoingia kwenye mapengo inachomoza ndani ya sketi na kuuvuruga mkondo wa nyuma, na vurugu hiyo ndiyo inayoongeza breki. Manyoya yote ya kinyoya kimoja hutoka kwenye bawa la upande mmoja na kulaliana kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo kinyoya huzunguka kama pia huku kikienda, na mzunguko huo unakifanya kinyooke njia.

Kinyoya cha nailoni kinaelekea kufanana na hiki mpaka pale unapokipiga kwa nguvu. Sketi ya nailoni ikikutana na hewa ya kasi kubwa hunywea, inakuwa nyembamba, na breki inapungua wakati ule ule ilipohitajika zaidi. Manyoya yana njiti ngumu na hayanywei kiasi hicho. Ndiyo sababu mchezaji aliyezoea nailoni akipewa vinyoya vya manyoya huona smashi zake zinakufa njiani, na mpokeaji anaziinua kwa raha.

Mbeya kwa hesabu

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa ni zaidi kidogo ya mita 1,500. Katika ukumbi wa Dar wenye nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.16. Mbeya, ukumbi ukiwa na nyuzi joto 20, ni kama kilo 0.98, Iringa kwa joto hilo hilo inakaribia kilo moja. Baridi ya Mbeya inasaidia kidogo, maana hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, lakini mwinuko unaishinda. Kwa ujumla hewa ya Mbeya ni pungufu kwa karibu asilimia 15, na breki ya kinyoya inapungua kwa kiwango hicho hicho.

Ule umbali wa kukatika nusu, ambao Dar ulikuwa mita 3.3, Mbeya unafika kama mita 3.9. Tuutie kwenye pigo moja. Mpinzani wako anapiga smashi ya kilomita 250 kwa saa, na kati ya raketi yake na yako kuna mita nane za safari. Dar kinyoya kitakufikia kikiwa na kama kilomita 46 kwa saa, na safari itakuwa imechukua sekunde 0.30. Mbeya kitakufikia na kilomita 60, kwa sekunde 0.255. Tofauti ya sekunde 0.045 inaonekana si kitu, ila pembeni mwa uwanja ndiyo inayoamua kama raketi iligusa kinyoya kwa uso au kwa fremu. Kwa mpokeaji wa Mbeya ushauri wangu ni mmoja: raketi iwe imekwisha kuinuka mbele ya kiuno kabla mpinzani hajapiga, kwa sababu muda wa kuiinua baadaye hautakuwepo. Mchezaji wa Nairobi, aliye kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Mbeya, anaishi na hesabu hii kila siku.

Kupima kinyoya kabla ya mechi

Sheria za Shirikisho la Dunia la Mpira wa Vinyoya, BWF, zina kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Simama nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja, piga kinyoya kutoka chini kwenda juu kwa nguvu zako zote, ukikigusa palipo juu ya mstari huo na kukielekeza sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya cha kasi sahihi huanguka upande wa pili kikiwa kimebakiza kati ya sentimita 53 na 99 kufika mstari wa nyuma. Kikivuka sentimita 53 kwenda nyuma, kina kasi mno. Kikiishia kabla ya sentimita 99, ni cha taratibu mno. Weka alama mbili za utepe kwenye sakafu, pande zote mbili za uwanja, na kila kopo jipya lipimwe na watu wawili wenye nguvu tofauti. Kipimo cha mtu mmoja hukipima mkono wake zaidi kuliko kinyoya.

Pima saa ile ile ya mchezo. Asubuhi ya Julai ukumbi wa Mbeya unaweza kuwa na nyuzi joto 10, na mchana ukafika 22. Hewa ya asubuhi ni nzito kwa asilimia nne hivi, na kopo lililoonekana sawa saa mbili asubuhi litakuwa linatoka nje saa nane. Na usipime uani. Upepo wa nyanda hizi hautakuachia jibu la maana, na mwenyeji wa Makambako hahitaji kuelezwa hilo.

Sasa tatizo lenyewe. Namba ya chini inayopatikana kwa urahisi ni 75, na ukihesabu sentimita 30 kwa kila namba, utaona kwamba kutoka 77 hadi 75 umepunguza sentimita 60 tu, wakati hewa ya Mbeya imekuongezea zaidi ya mita. Kama muuzaji wako anaweza kukuagizia namba ya chini ya 75, mwagize. Kwa nailoni mambo ni mepesi: rangi ya utepe kichwani ndiyo inayosema, kijani ni ya taratibu, buluu ya wastani, nyekundu ya kasi. Nunua kijani na uachane na nyingine mbili.

Ukibaki na manyoya ya namba 76 mkononi, dawa ni kukunja ncha. Shika unyoya mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, milimita tano hivi kutoka mwisho, ukunje ncha kwenda nje mpaka usikie umekatika mfupa kidogo. Ruka manyoya matatu, kunja wa nne, endelea hivyo mpaka umekunja manne yaliyo mbali kwa usawa. Duara la sketi limepanuka, breki imeongezeka. Pima. Kama bado kinavuka alama, kunja mengine manne yaliyo katikati ya hayo, yawe manane, yaani unyoya mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ukikunja bila mpangilio, upande mmoja ukawa na ncha nyingi kuliko mwingine, utakiona kinayumba angani kama mlevi. Hicho ni cha mazoezi ya mkono, hakifai mechi. Kukunja hufanywa kabla ya mechi na wenye mashindano. Mchezaji anayekunja ncha katikati ya mechi ili kubadili kasi anatenda kosa la utovu wa nidhamu, na mwamuzi ana haki ya kumwadhibu. Sheria za BWF zenyewe zinakubali kwamba mahali ambapo mwinuko au hali ya hewa inafanya kinyoya cha kawaida kisifae, vipimo vyake vinaweza kurekebishwa kwa idhini ya chama cha nchi.

Jambo dogo la kiangazi: hewa kavu huyafanya manyoya yavunjike kama majani makavu, na kopo la vinyoya kumi na viwili linaisha kabla ya mechi ya tatu. Jioni ya kabla ya mchezo fungua kopo pande zote mbili, upande wa manyoya uelekeze kwenye mvuke wa birika kwa sekunde chache, funga, ulaze. Kichwa kisipate maji. Kinyoya kilicholowa huwa kizito, na kizito huenda mbali, kitu ambacho Mbeya tayari unacho cha kutosha.

Kuanzisha: mahali pa makosa mengi

Uwanja una urefu wa mita 13.40. Upana ni mita 6.10 kwa wawili wawili na mita 5.18 kwa mmoja mmoja. Wavu una mita 1.524 katikati na 1.55 kwenye nguzo. Mstari mfupi wa kuanzishia uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu, na kinyoya kilichoanzishwa lazima kiuvuke kabla ya kugusa sakafu. Kikidondokea juu ya mstari wenyewe, kimevuka. Mstari ni sehemu ya uwanja.

Mwanzishaji anasimama ndani ya boksi lake la kuanzishia, mpokeaji ndani ya boksi la pembe iliyo mkabala kwa mshazari. Hakuna anayekanyaga mstari. Sehemu fulani ya miguu yote miwili ya kila mmoja lazima iguse sakafu bila kuhama, tangu mwanzishaji aanze mpaka kinyoya kipigwe. Raketi iguse kichwa cha kinyoya kwanza, siyo manyoya, na iende mbele kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukirudisha mkono baada ya kuanza kusogeza mbele ili umhadae mpokeaji, ni kosa. Ukizungusha raketi ukakikosa kinyoya kabisa, hiyo pia ni kosa na pointi inakwenda kwa mpinzani. Wengi wa kwetu huamini kwamba unapewa nafasi ya pili, na wanaiamini kwa moyo wote. Kinyume chake, kinyoya kikigusa utepe wa juu ya wavu kisha kikaingia ndani ya boksi sahihi, mchezo unaendelea, hakuna kurudia. Na mwaka 2023 BWF ilipiga marufuku kukizungusha kinyoya kwa vidole wakati wa kukiachia, ujanja uliokuwa unakifanya kipinde ovyo juu ya wavu.

Sheria inayozua mabishano ni ya kimo. Tangu 2018 BWF ilianza kutumia kimo kimoja kwa wote: wakati raketi inapokigusa, kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa kiuno cha mwanzishaji, yaani usawa wa ubavu wake wa chini kabisa, na mpini wa raketi ulitakiwa uelekee chini. Kipimo cha kiuno bado kinaruhusiwa kama mbadala mahali pasipo na kifaa, kwa hiyo uliza kipi kinatumika kabla mashindano hayajaanza. Kifaa chenyewe ni vibao viwili vinavyopitisha mwanga, kila kimoja na mstari mweusi kwenye kimo cha mita 1.15, mwamuzi wa kuanzisha akikaa jicho lake kwenye usawa huo, mistari miwili hulaliana na kuwa mmoja, na chochote kilicho juu yake ni kosa. Kwenye ukumbi wa shule bandika utepe kwenye nguzo ya wavu kwa mita 1.15, na mwingine ukutani nyuma yake kwa kimo hicho hicho, kisha mwamuzi akae kwenye kiti kifupi mpaka tepe mbili zilingane. Gharama yake ni utepe na futi kamba.

Hapa hewa ya Mbeya inarudi. Katika mmoja mmoja, kuanzisha kwa pigo refu kunalenga mstari wa mwisho kabisa. Mchezaji aliyetoka Dar hulipiga kwa nguvu aliyozoea na kulitoa nje. Jibu lake la kwanza huwa ni kupunguza nguvu, na hapo analipa bei nyingine: kinyoya kinakwenda chini chini na mpokeaji anakikata njiani. Bora abaki na nguvu karibu ile ile aelekeze raketi juu zaidi, kinyoya kipande na kushuka wima karibu na mstari. Katika wawili wawili boksi la kuanzishia ni pana lakini fupi kwa nyuma, kwa sababu mstari wake mrefu uko sentimita 76 ndani ya mstari wa mwisho wa uwanja. Lile pigo la ghafla la kumpita mpokeaji kichwani, ambalo Dar linaangukia ndani, Iringa linatoka nje. Pigo fupi la chini halibadiliki sana. Kasi yake ni ndogo na breki ya hewa haina kazi kubwa hapo. Ukiwa mgeni nyanda hizi, anzia na hilo.

Kuhesabu, kwa mfano wa wawili wawili

Mfumo wa sasa, unaotumika tangu 2006, unatoa pointi kwa kila mpira unaochezwa, awe ameanzisha nani. Seti inafika pointi 21, na mechi ni ya anayeshinda seti mbili kati ya tatu. Wazee waliocheza kabla ya hapo walikuwa wanapata pointi kwa upande unaoanzisha tu, ndiyo maana wengine bado wanabishana.

Kwa mmoja mmoja hesabu haina shida: pointi zako zikiwa shufwa unaanzisha kutoka boksi la kulia, zikiwa witiri unaanzisha kutoka la kushoto. Kwa wawili wawili ndipo watu hupotea, na njia nzuri ni kufuata mpira kwa mpira. Wewe na mwenzako mnacheza na jozi ya Iringa. Ni 0 kwa 0, unaanzisha wewe kutoka kulia, na anayepokea ni yule wa Iringa aliyesimama kulia kwao. Mmeshinda: 1 kwa 0. Wewe unahamia kushoto, mwenzako anakuja kulia, na unaanzisha tena kwa yule wa pili wa Iringa aliyesimama kushoto kwao. Wao hawakubadilishana. Safari hii mmeshindwa: 1 kwa 1, na kuanzisha kumehamia kwao. Hakuna mtu anayehama. Pointi yao ni witiri, kwa hiyo anaanzisha yule aliye boksi la kushoto, na anayepokea ni wewe, kwa sababu bado uko kushoto. Mmemshinda: 2 kwa 1, kuanzisha kumerudi kwenu. Pointi zenu ni shufwa, kwa hiyo anaanzisha aliye kulia, naye ni mwenzako. Wengi hapa hukosea kwa kumpa kinyoya yule aliyeanzisha mara ya mwisho.

Kanuni iliyo nyuma ya mfano huu ni moja tu: wachezaji hubadilishana boksi pale tu upande wao ulioanzisha unaposhinda mpira. Mkichanganyikiwa, rudini kwenye kanuni hiyo, kisha tazameni pointi za upande unaoanzisha. Zikiwa shufwa anaanzisha aliye kulia, zikiwa witiri aliye kushoto. Kosa la nafasi likigunduliwa baada ya mpira kuchezwa, mnarekebisha nafasi na pointi zinabaki zilivyo.

Upande wa kwanza kufika 11 unaleta mapumziko ya sekunde 60 yasiyozidi, na kati ya seti na seti ni sekunde 120. Katika seti ya tatu mnabadilishana pande za uwanja mmoja wenu akifika 11, jambo lenye maana yake kwenye ukumbi ambao mlango wake mmoja umeachwa wazi na upepo unaingia. Matokeo yakiwa 20 kwa 20, mshindi ni atakayetangulia kwa pointi mbili. Yakifika 29 kwa 29, anayeshinda mpira unaofuata amechukua seti, 30 kwa 29. Mwanzishaji wa mpira huo anasimama kushoto, kwa kuwa 29 ni witiri, na kama kinyoya kimekwisha kupoteza ncha mbili tatu, huu ndio wakati wa kumwomba mwamuzi abadilishe kabla ya kuanzisha. Akikataa, cheza nacho hivyo hivyo.